Njaa ya saa nne asubuhi

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama kwenye mkutano wa Baraka. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa, juu bamama wengi waliomba vipimo.)

Aksanti kwa kutupatia nafasi mbele ya hesabu za likirimba, maana kisha hesabu hakuna mtu anayesikiliza mtu.

Tumekuja kuzungumuza juu ya chakula cha asubuhi. Sisi tunaotembelea nyumba zenu tunafika mara nyingi kwenye saa moja, na kile tunachokikuta ni kimoja: chai ya rangi yenye sukari mingi, na mikate ya kukaanga, yale mandazi ya kwa jirani. Nyumba zingine ni muhogo wa kuchemsha na chai ile ile. Tukirudi kupita saa nne, tunakuta mtoto mudogo analilia chakula, na mama aliye sokoni anatafuta mukate mwingine wa kununua. Walimu nao wanatuambia kwamba ni saa hiyo hiyo ndipo watoto wanaanza kulala juu ya kiti. Watu wamekula, na njaa imerudi. Hiyo ndiyo tunataka tuiangalie pamoja, na pesa inayopotea ndani yake.

Tuanze na sukari, maana tunajua inauma. Mama mumoja wa chama hiki alitujibu mwaka huu bila kuficha: "Miye sukari siachi. Myaka yote mu kambi nilikuwa naitafuta na pesa ya kibarua. Leo niko kwetu, munanikataza?" Tulinyamaza. Wengi wenu muliishi Lugufu, muliishi Nyarugusu, munajua ni nini alikuwa anasema. Posho ilileta unga, maharage, mafuta na chumvi, lakini sukari ilikuwa kitu cha kununua. Chai tamu ni alama ya mutu aliyerudi kwake. Kwa hiyo hatukuja kuwanyanganya sukari. Tumekuja kuhesabu.

Tulienda na mizani ndogo ya jikoni kwa yule mama, kwa ruhusa yake. Nyumba yake iko na watu sita: yeye, mume wake anayefanya kazi ya kujenga, na watoto 4, mukubwa ana myaka 13 na mudogo ana 5. Kila mutu alikuwa anatia vijiko vidogo 3 vya kujaa katika kikombe. Kijiko kimoja cha kujaa kilikuwa na gramu 6 hivi. Watu sita, vijiko 18, ni zaidi kidogo ya gramu 100 kila asubuhi. Hiyo inafika kilo 3 na kitu kwa mwezi, ya asubuhi peke yake. Mama mwenyewe alishika kichwa. Alikuwa ananunua sukari ya siku kwa siku, katika vimufuko, na hajawahi kuiona yote pamoja.

Mikate ilikuwa 12, miwili kwa kila mutu. Mukate mumoja ulikuwa na gramu 50 hivi. Unga wa ngano uko na protini kidogo, ile ambayo vituo vya afya vinaita chakula cha kujenga mwili. Katika mandazi mawili kama hayo unapata gramu 7 hivi. Sukari haina hata moja, na chai ya rangi vilevile. Basi baba yule, anayepanda juu ya nyumba na tofali mukononi, alikuwa anatoka na gramu 7. Mutu muzima wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku nzima, na kama asubuhi inaleta 7, bukari ya jioni haiwezi kulipa deni lote lililobaki.

Sasa kwa nini njaa inarudi upesi? Sukari na unga mweupe vinasagika haraka sana ndani ya tumbo na kuingia katika damu. Mutu anasikia nguvu, kweli kabisa, na haidanganyi. Kisha mwili unaitoa ile sukari katika damu, na nguvu inashuka. Maharage, soya, karanga, samaki vinakaa tumboni muda murefu zaidi. Protini yake inauambia mwili kwamba umeshiba, na makapi ya maharage yanafanya chakula kishuke pole-pole. Watu hawafanani, kuko mutu atasikia tofauti kubwa, na mwingine ndogo. Lakini mutu aliyekula kidogo sana, hata kama ni maharage, atasikia njaa tu. Musitarajie kikombe kimoja kifanye kazi ya sahani.

Tulifanya nini kwa yule mama? Hatukumwongezea kitu juu ya kile alichokuwa nacho. Hilo ndilo kosa la kwanza tunaloliona: mutu anasikia hotuba, anaongeza maharage asubuhi, lakini mikate inabaki 12 na sukari inabaki kilo 3. Kisha juma moja pesa inakwisha, anasema chakula cha wale watu wa shirika ni cha matajiri. Inafaa kubadilisha. Kitu kinatoka, kingine kinaingia.

Kwake ilikuwa hivi. Mikate ilishuka kutoka 12 mupaka 6, mumoja kwa kila mutu. Sukari ilishuka pole-pole: juma la kwanza vijiko 2, juma la pili kimoja na nusu, na hapo alisimama. Tulimwacha hapo. Ulimi unazoea ukishuka pole-pole. Ukikata yote siku moja, watoto wanaacha chai na wanakwenda kununua bonbo. Pesa ya mikate 6 na ya nusu ya sukari ilitosha, kwa bei ya sokoni ya juma lile, kununua kikombe kimoja na nusu cha maharage makavu, na kukabaki kidogo. Hatuandiki franka, juu bei inabadilika kila wakati barabara ikiharibika. Lakini kila mutu anaweza kufanya hesabu hiyo nyumbani kwake: uliza mikate 6 ni pesa ngapi, uliza kikombe cha maharage ni pesa ngapi, halafu linganisha.

Kikombe kimoja na nusu cha maharage makavu ni gramu 300 hivi. Yakiiva yanafika karibu gramu 750. Watu wazima wawili walipata gramu 200 kila mumoja, ni kusema sahani ndogo ya kushiba, na watoto 4 walipata karibu 90 kila mumoja. Pamoja na ule mukate mumoja, baba alitoka na gramu 20 za protini badala ya 7. Watoto walipata 11 hivi. Kwa chakula kile kile cha pesa ile ile.

"Na makala?" Ndiyo, mama wa nyuma ameuliza, na ni swali la kweli. Hakuna mutu atapika maharage saa kumi na moja asubuhi. Makala ingemaliza faida yote. Maharage ya asubuhi yanapikwa jioni, katika sufuria moja na ya jioni. Loweka tangu asubuhi, maji yapite juu ya maharage vidole vinne. Mwaga yale maji, tia mapya. Yachemke kwa nguvu sana dakika 10 za kwanza, bila kupunguza moto, maana maharage mekundu yasiyochemka vizuri yako na kitu kinacholeta kutapika na kuhara. Kisha punguza moto, funika. Yaliyoloweka yanaiva mbele sana kuliko yasiyoloweka, na hapo ndipo makala inabaki. Kama yamelowekwa na yamechemka masaa mawili na bado ni mawe, usijilaumu. Ni maharage ya zamani, yamekaa katika gunia muda murefu. Kwa muchuuzi yule usirudi.

Sasa usalama. Hapa Baraka usiku kuko joto. Chakula kilichobaki katika sufuria kubwa, kimefunikwa, bado cha moto, kinakuwa nyumba ya vijidudu. Kwa hiyo toa fungu la asubuhi mbele ya kutia nyanya, kitunguu na mafuta. Litie katika sufuria ndogo, likae ndani ya beseni ya maji baridi mupaka lipoe, kisha funika. Mutu asichote humo na kijiko alichotia mudomoni. Piga hesabu upike karibu na wakati wa kulala, usipike saa nane mchana. Asubuhi yachemushe tena mupaka yatoe mapovu makubwa katikati, dakika 10, siyo kupasha moto juu juu. Ukifungua ukasikia harufu ya uchachu, au ukaona utelezi na mapovu kabla ya moto, mwaga. Tunajua inauma. Lakini kuchemusha hakuondoi sumu yote ya chakula kilichokwisha kuharibika, na dawa ya kuhara ni pesa pia.

Juma la kwanza tumbo litajaa hewa. Yule baba alilalamika sana, na wenzake kazini walimucheka. Maji ya kuloweka yakimwagwa inapungua, na kisha majuma machache mwili unazoea. Anza na nusu ya fungu ukiona ni mingi.

Tuje kwa soya, na hapa tunaomba masikio yote, juu ni hapa tumeona watu wakiharibu kitu kizuri.

Munakumbuka uji wa kambini, ule unga wa mahindi na soya uliokuwa unatoka na PAM, wa watoto na wa mama wenye mimba. Ulikuwa unatia katika maji ya moto, dakika chache umeiva. Bamama wengi walirudi na ujuzi huo. Sasa wananunua soya sokoni, wanaisaga mbichi pamoja na mahindi, wanapika dakika 5 kama zamani. Watoto wanaumwa tumbo, wanahara, na jirani wanasema soya ni mbaya. Soya siyo mbaya. Ule unga wa PAM ulikuwa umekwisha kupikwa kiwandani mbele ya kutiwa katika gunia. Ya kwako haijapikwa. Soya mbichi iko na kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Ni kusema unakula chakula cha kujenga mwili, na chenyewe kinafunga mulango. Moto ndio unakiondoa.

Basi fanya hivi. Chagua soya, toa mawe na zilizooza. Chemusha maji kwanza, halafu tia soya ndani ya maji yanayochemka. Ukianza na maji baridi itabaki na ile harufu ya majani ambayo watoto wanakataa. Ichemke dakika 30. Mwaga maji, sugua na mikono maganda yatoke, osha. Anika juani mupaka ikauke kabisa, siku mbili za jua zuri. Kisha kaanga bila mafuta, ukikoroga, mupaka iwe rangi ya kahawia nyepesi na harufu ya karanga. Ikiwa nyeusi umeharibu. Hapo ndipo unaipeleka kwenye mashine. Changanya kikombe 1 cha soya na vikombe 3 vya mahindi. Uji upike dakika 15 mupaka 20 toka unapoanza kuchemka.

Utajuaje kama soya haikuiva? Uji unatoa povu mingi inayotaka kumwagika, na ukionja kuko uchungu mwishoni mwa ulimi. Ukiona hivyo, usiwape watoto. Urudishe ule unga wote juu ya moto, uukaange pole-pole, na uji wake uupike muda murefu zaidi. Bakuli la mutu muzima, la gramu 60 za unga huo, linaleta gramu 9 hivi. Ukikoroga ndani kijiko kikubwa cha karanga ya kusaga unafika 13. Chumvi kidogo inafaa, sukari kijiko kimoja kinatosha. Yule mama sasa anapika maharage siku nne kwa juma na uji wa soya siku tatu, maana watoto walikuwa wamechoka kuona maharage. Hiyo haikutoka kwetu, aliipanga mwenyewe.

Juu ya karanga, neno moja tu. Karanga yenye ukungu, iliyokunjamana, yenye rangi ya kijani ao nyeusi, ao chungu, tupa. Ukungu ule unaacha sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi. Usikubali karanga ya kusaga ambayo hukuiona ikiwa nzima, juu ile mbaya ndiyo inasagwa ili isionekane. Na mutoto wa chini ya myaka 5 asipewe karanga nzima. Inaweza kumuziba pumuzi.

Wale wanaokula muhogo asubuhi wasifikiri tumewasahau. Muhogo unashibisha kweli, lakini protini yake ni gramu 1 hivi katika gramu 100, ni kusema karibu hakuna. Muhogo na chai peke yake ndiyo asubuhi masikini kuliko zote tulizopima, hata mandazi inaushinda. Na kama ni ule muchungu, usiolowekwa siku za kutosha, kuko hatari ya konzo, ule ugonjwa unaokaza miguu, na unawapata zaidi watu wanaokula muhogo muchungu bila samaki, bila nyama, bila maharage ya kutosha. Sisi tuko pembeni ya ziwa. Chukua ndagala kavu, toa muchanga, kaanga bila mafuta, twanga, pepeta. Unga wa ndagala gramu 10, ni kusema vijiko viwili vidogo vya kujaa, unalingana na yai moja kwa protini, na bei yake iko chini ya yai. Nyunyiza juu ya muhogo pamoja na karanga ya kusaga. Watoto hawaoni kichwa cha samaki, hawawezi kukataa. Nunua ile inayokatika ikikunjwa. Ile inayopinda kama kamba haikukauka, itaoza katika mufuko.

Kuko watu ambao hatupendi waanze kesho bila kuuliza. Mutu wa diabeti anayekunywa vidonge ao anayepiga sindano, akikata sukari na mikate ghafla, na dawa inabaki ile ile, sukari ya damu inaweza kushuka sana: jasho, kutetemeka, kuanguka. Aende kwanza kwa muganga wa kituo apange dawa. Mutu mwenye ugonjwa wa figo vilevile aulize, juu protini mingi inaweza kumuzidishia muzigo. Na mutoto wa chini ya miezi sita, ziwa la mama peke yake, uji hapana.

Papa mumoja hapa mbele ameuliza kama yai na maziwa haviko bora. Viko vizuri sana, papa. Yai moja ni gramu 6. Lakini nyumba ya watu sita inahitaji mayai 20 ili ifike pale maharage na mukate vinafika kwa wakubwa, na tunajua mufuko wa kila mutu hapa. Mwenye kuku asile mayai yote wala asiuze yote. Anaweza kuuza mayai matatu akanunua maharage, hesabu ni nzuri zaidi.

Yule mama tuliyepima kwake alituambia, kisha mwezi, kwamba muvulana wake wa myaka 9 hajaletwa tena nyumbani na mwalimu juu ya kulala darasani. Hatusemi ni maharage peke yake. Mutoto yule alikuwa amepewa pia dawa ya minyoo mwezi ule. Alichokuwa na hakika nacho ni pesa: zamani alikuwa ananunua mikate mingine mitatu ao minne sokoni saa nne kwa ajili yake na mudogo wake, na sasa ananunua mumoja, siku zingine hakuna. Hiyo haikuwa katika hesabu yetu ya kwanza. Ni yeye aliyetuonyesha.

Pesa hiyo ameitia katika likirimba ya maharage, ile ya watu saba wa avenia yake. Wanangoja mavuno, wananunua gunia pamoja wakati bei iko chini, wanagawana. Wakikosea ni pa kuweka: maharage yakae makavu kabisa, katika bidoni iliyofungwa vizuri na kujazwa mupaka juu, ndipo wadudu wanakosa hewa na kufa. Gunia wazi, miezi mitatu umebaki na vumbi.

Siku ya posho, samahani, tulizoea kusema hivyo, siku ya mukutano unaokuja, tutakaanga soya hapa hapa nyuma ya ofisi ya chama. Kila mutu alete kikombe chake kimoja cha soya iliyokwisha kuchemushwa na kukauka. Sufuria na makala tutaleta sisi, mashine ya jirani imekubali kusaga.